Muhtasari Kabla ya Hukumu: Ripoti ya Msomaji wa Miswada ya Filamu na Dharau ya Wahakiki

Katika idara za fasihi imekita imani kwamba kazi ya msomaji wa miswada katika studio za filamu si uhakiki. Huonwa kuwa ni ukarani mtupu: mtu asiyejulikana jina anakabidhiwa kurasa mia moja na kumi, anazifupisha kuwa kurasa mbili, anatia alama katika jedwali, kisha anaandika neno moja ambalo ama hufunga mlango ama huufungua. Upande wa pili wamo waandishi chipukizi wa filamu pamoja na vitabu vinavyowafundisha ufundi huo. Wao huipokea ripoti ile ile kama matokeo ya mtihani. Huhesabu alama, husahihisha palipolaumiwa, kisha huupeleka mswada tena. Kambi hizi mbili hazisalimiani, ila zimepotoka kwa njia moja. Zote huisoma ripoti kuanzia kwenye hukumu, na zote huipuuza sehemu ya pekee iliyo ushahidi, yaani muhtasari.

Ni vyema umbo la ripoti yenyewe libainishwe kwanza, kwa kuwa wengi wanaoidharau hawajapata kuitia machoni. Ukurasa wa mwanzo hubeba jina la mswada na la mwandishi, idadi ya kurasa, utanzu, mahali na wakati wa kisa, jina la aliyeuwasilisha na tarehe. Hufuata sentensi ya kiini, ambayo hueleza kwa ufupi nani anataka nini na ni nini kinachomzuia. Kisha huja jedwali ambamo wazo kuu, msuko, wahusika, mazungumzo na mandhari hupewa alama, kila kimoja peke yake, kuanzia bora hadi dhaifu. Muhtasari huchukua ukurasa mmoja au miwili, husimuliwa katika wakati uliopo, na hauruhusiwi kuuficha mwisho wa kisa. Maoni huja baadaye na aghalabu hayazidi ukurasa mmoja. Hukumu huwa mojawapo ya tatu: mswada ukataliwe, ufikiriwe, au upendekezwe. Katika ofisi nyingi hukumu hiyo hutolewa mara mbili, moja kuhusu mswada na ya pili kuhusu mwandishi, kwa maana inawezekana kabisa kisa kikataliwe ilhali aliyekiandika anatakiwa aitwe kwa kazi nyingine.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ripoti hii haikuandikwa kwa ajili ya mwandishi, na kwa kawaida mwandishi haonyeshwi. Imeandikiwa mkuu wa studio au mtayarishaji ambaye hatausoma mswada, au atausoma tu iwapo ripoti itamshawishi. Kwa hiyo msomaji yumo katika hali ambayo mhakiki wa chuo hajaizoea: anamhakikia mtu ambaye matini hayamo mikononi mwake. Wasomaji walioajiriwa na studio kubwa za Hollywood wana chama chao cha wafanyakazi, na siku hizi wamo pamoja na wahariri wa filamu katika muungano mmoja. Wengine wengi ni vibarua wanaolipwa kwa kila mswada, na malipo yenyewe ni haba. Tofauti hii ya ajira ina uzito wake, lakini kuna sababu nyingine inayozielekeza hukumu za wote. Msomaji akipendekeza mswada mbovu, mkuu wake atapoteza jioni nzima na hatalisahau jina la aliyempotezea. Akikataa mswada mzuri, ni nadra mtu yeyote kujua. Penye mizani iliyolala upande mmoja hivyo, hakuna haja ya kutafuta uhasidi wala ujinga ili kueleza kwa nini miswada mingi hukataliwa. Kukataa ndiko kunakomlinda anayesoma.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kina umehifadhiwa vizuri, na umesimuliwa na Aljean Harmetz katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu utengenezaji wa filamu ya Casablanca. Mnamo tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa, tamthilia ambayo haijapata kuigizwa ilifika katika idara ya hadithi ya kampuni ya Warner Brothers. Iliitwa Everybody Comes to Rick's, na watunzi wake walikuwa Murray Burnett na Joan Alison. Alikabidhiwa msomaji aitwaye Stephen Karnot, ambaye mshahara wake ulikuwa dola 1.12 kwa saa. Siku tatu baadaye Karnot alikuwa amekwisha kuandika muhtasari na pendekezo lake. Aliisifu kama melodrama bora yenye mandhari ya wakati ule, taharuki, migogoro ya nje na ya nafsi, na msuko uliobana. Akaitaja kuwa ina hila za kuwachota watazamaji, ila hila za kistaarabu, akataja na waigizaji ambao ingewafaa, miongoni mwao Humphrey Bogart. Kabla ya mwezi wa Januari kwisha, mtayarishaji Hal Wallis alikuwa amekwisha kuipatia kampuni haki za tamthilia hiyo kwa dola 20,000, fedha nyingi mno kwa kazi ambayo haijapanda jukwaani.

Hadithi hii ikiishia hapo hugeuzwa ngano ya msomaji mwenye jicho kali, na ndivyo inavyopenda kusimuliwa. Lakini Wallis hakuridhika na ripoti moja. Aliwapa watu wengine wa kampuni waisome, na Januari 1942 mmoja wao, mwandishi Robert Buckner, alimpelekea barua ya kuikataa. Hakuiamini hadithi wala wahusika. Aliona kwamba uhusiano kati ya wahusika wakuu umevurugika na kwamba lazima ungezuiwa na wakaguzi wa maadili. Kilele chake alikiita melodrama ya hila, na Rick mwenyewe akamwona kama mchanganyiko wa wanaume wa Hemingway na wa Fitzgerald, aliyevikwa utakatifu wa mkahawani. Ajabu ni kwamba neno la mitaani alilolitumia Buckner kwa zile hila ni lile lile alilolitumia Karnot.

Hapa ndipo hoja inapofungamana. Wasomaji hawa wawili hawakutofautiana kuhusu kilichomo katika matini. Wote waliona melodrama, wote waliona hila zinazolenga machozi ya mtazamaji. Mmoja alisema kwa hiyo inunuliwe, mwingine akasema kwa hiyo itupwe. Hukumu haikutoka katika matini bali katika swali ambalo kila mmoja alijiuliza baada ya kusoma: Karnot aliuliza nani ataigiza na nani atanunua tiketi, Buckner akauliza iwapo mtu mzima anaweza kuyasadiki hayo. Mwandishi anayekumbatia hukumu ya kwanza na kuilaani ya pili hajajifunza chochote kutoka kwa yoyote kati ya hizo mbili. Mhakiki wa chuo anayezitupa zote kwa kuwa ni maneno ya wafanyabiashara naye ametupa maelezo mawili yanayoafikiana, yaliyotolewa na watu wasioshauriana, na maafikiano ya namna hiyo si ya kuokotwa ovyo katika uhakiki.

Linalostahiki kutazamwa zaidi ni mambo yaliyoipata ile lawama ya Buckner. Katika tamthilia, mwanamke ni Lois Meredith, Mmarekani mwenye historia ya wapenzi, na Rick ni wakili mwenye mke na watoto aliyeishi naye Paris kinyume cha ndoa. Mwishoni Rick anawaachia wapendanao wakimbie, kisha anajitoa mikononi mwa Strasser, afisa wa Kijerumani. Mtu akisema kwamba uhusiano huu umevurugika, amesema kweli kuhusu mahali: tatizo liko katika yaliyotokea Paris na katika sababu ya mwanamke kumwacha Rick. Buckner hakutoa dawa. Aliona afadhali mgonjwa azikwe. Waandishi waliofuata, ndugu wawili Julius na Philip Epstein pamoja na Howard Koch, hawakumzika. Katika filamu mwanamke ni Ilsa Lund, mzaliwa wa Norway, mke wa Victor Laszlo, na alipokutana na Rick huko Paris aliamini kwamba mumewe amekufa kambini. Badiliko hilo moja lilimwondolea mwanamke lawama, likampa sababu ya kuondoka bila kuaga, likawapunguzia wakaguzi hoja, na zaidi ya yote likaufanya uchungu wa Rick uwe kosa la kutojua badala ya kuwa kisirani cha mwanamume aliyeachwa.

Mwezi Mei 1942 mwandishi mwingine wa kampuni, Casey Robinson, aliombwa atoe maoni kuhusu mswada ulivyokuwa umefikia. Maoni yake ni ya aina nyingine kabisa na hayafai kuchanganywa na ripoti ya usomaji, ingawa vitabu vya mafunzo huvichanganya kila siku. Ripoti huuliza kama mswada ununuliwe. Maoni ya Robinson yaliuliza mswada ambao tayari umenunuliwa urekebishwe wapi. Alieleza kwamba melodrama imekwenda vyema na ucheshi ni mzuri sana, ila hadithi ya mapenzi ina upungufu, kisha akayapitia matukio ya wapenzi hao moja baada ya jingine. Kuhusu mwisho alidokeza jambo lililo kiini cha filamu kama inavyojulikana leo: kwamba Rick anapompeleka mwanamke kwa mumewe hatatui pembetatu ya mapenzi tu, bali anamlazimisha aishi kulingana na imani iliyo ndani yake. Jina la Robinson halikuandikwa katika filamu. Mwenye kutafuta uhakiki wa kifasihi katika karatasi za Hollywood na auanzie hapa. Huu ni uhakiki unaojua msuko unakokwenda, unaojua kila tendo linamgharimu nini mtendaji, na haujishughulishi kamwe na swali la kama kazi ni tukufu.

Kisa cha pili kinachohusu matini hayo hayo hutajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa vibaya. Chuck Ross, mwandishi wa Marekani, aliupiga chapa mswada wa Casablanca upya, akaurudishia jina la tamthilia ya asili, akaandika jina la mtunzi asiyejulikana, kisha akaupeleka kwa mawakala 217. Matokeo aliyachapisha mwaka 1982 katika jarida la Film Comment. Mawakala 90 waliurudisha bila kuusoma. 33 walitambua ni kazi gani. 38 walidai kuwa wameusoma na wakaukataa. Watatu walikuwa tayari kuuwakilisha. Miongoni mwa waliokataa, wapo waliolalamika kwamba una mazungumzo mengi kupita kiasi na kwamba msuko wake ni dhaifu.

Tangu hapo jaribio hili limekuwa fimbo ya kila mwandishi aliyekataliwa. Husemwa kwamba limethibitisha upofu wa wasomaji. Halikuthibitisha hilo. Idadi kubwa zaidi ni ya wale ambao hawakusoma, na kutosoma ni desturi ya biashara iliyo wazi, kwani mawakala wengi hawapokei mswada ambao hawakuuomba. Lawama ya mazungumzo mengi, kwa upande wake, ni ya haki kama maelezo: mswada huo una mazungumzo mengi ukilinganishwa na miswada iliyokuwa ikiuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kosa liko kwingine, na waliolitumia jaribio hilo hawakuliona. Hao 38 walitoa hukumu pasipo muhtasari. Barua inayosema kwamba msuko ni dhaifu, bila ya kuusimulia msuko huo kwanza, haimwezeshi mtu yeyote kujua kama aliyeiandika alisoma kurasa zote, kumi za mwanzo, au barua ya utangulizi peke yake. Karnot, kwa ujira wake duni, hakuwa na nafasi hiyo ya kujificha. Umbo la ripoti lilimlazimu aseme kwanza alichokiona.

Nguvu ya muhtasari inatokana na hilo. Katika maoni msomaji anajua kwamba anahukumu, kwa hiyo anajilinda, anaiga lugha ya ofisi, anataja kanuni alizozisikia. Katika muhtasari anadhani kwamba anasimulia tu. Kumbe kila sentensi ni uamuzi: tukio lipi liingie na lipi liachwe, nani awe mtendaji wa sentensi, kiunganishi kiwe "kwa hiyo" au "halafu". Uamuzi huo hufanywa haraka na bila kujitetea, na kwa sababu hiyo unaaminika kuliko maoni.

Chukulia mswada wa kurasa 104 kuhusu karani wa bandari ya Kilindini, Amina, anayegundua hati inayoonyesha kwamba shehena fulani imetozwa ushuru wa uongo. Mwandishi anaamini kwamba ameandika hadithi ya mwanamke jasiri. Ripoti inarudi na katika jedwali wahusika wamepewa alama ya chini. Maoni yanasema mhusika mkuu hapendezi, na yanapendekeza apewe mchumba ili mtazamaji amwonee huruma. Mwandishi mtiifu atamwandikia mchumba. Mwandishi mwenye hasira atasema msomaji hakuelewa wanawake wa Mombasa. Wote wawili wameruka muhtasari. Humo Amina anagundua, anaficha, anadanganya, anakimbia. Yeye ndiye mtendaji wa karibu kila sentensi hadi katikati. Baadaye sarufi inageuka: mkubwa wa kazi anamwita, kaka yake anamshauri, mwanahabari anaichapisha hati, polisi wanamwokoa. Mwandishi akirudi katika mswada wake, atakuta kwamba katika ukurasa wa 52 Amina anamkabidhi kaka yake ile hati amwekee. Alidhani ni tukio dogo la kuonyesha upendo wa ndugu. Lakini kitu ambacho kila mtu anakitafuta kimetoka mikononi mwa shujaa, na pamoja nacho yameondoka matendo yote. Msomaji aliona kwamba kuna kasoro, akaiita kwa jina lisilo lake, akaagiza dawa isiyohusika. Muhtasari wake, bila yeye kukusudia, umeonyesha ukurasa. Hati ibaki kwa Amina, na suala la mchumba litajifia lenyewe.

Utaratibu unaofuata kutokana na mfano huu si mgumu, ingawa unahitaji subira ambayo mtu aliyekataliwa huwa hana. Kabla ya kuyagusa maoni, mwandishi aandike ukurasa mmoja wa kisa chake kama alivyokikusudia, kisha auweke kando ya muhtasari wa msomaji. Atafute kwanza kilichodondoka. Tukio ambalo mwandishi analihesabu kuwa nguzo, nalo halimo katika muhtasari, si nguzo katika mswada ulivyo sasa. Pili, atafute kilichoongezwa. Msomaji akiandika kwamba Amina anaificha hati kwa kuwa anamwogopa baba yake, ilhali hakuna mahali hofu hiyo ilipoandikwa, amejaza pengo. Huenda sababu aliyoibuni ni mbaya, lakini pengo lipo, na wakati mwingine sababu ya msomaji ni bora kuliko ile ambayo mwandishi aliisahau kichwani mwake. Hatimaye atazame uwiano. Kurasa thelathini za mwanzo zikichukua nusu ya muhtasari na arubaini za mwisho zikasongamana katika aya moja, ama msomaji alichoka ama kisa kilichoka.

Kuzitenganisha hali hizo mbili ndiyo kazi ngumu, na hapa watetezi wa ripoti huwa wepesi mno. Msomaji anayelipwa kwa mswada ana kila sababu ya kuharakisha, na baadhi huharakisha. Dalili zake zinatambulika: majina ya wahusika yamebadilishana, tukio la mwisho limesimuliwa kwa maneno ya jumla yanayoweza kufaa filamu yoyote, jambo lililoandikwa waziwazi limekanushwa. Ripoti kama hiyo haina thamani, hata kama imesifu. Lakini dalili moja haitoshi. Njia ya kuaminika ni kuwapa watu wawili au watatu wengine mswada huo huo na kuwaomba wausimulie, wasiombwe maoni hata kidogo. Wote wakiteleza pale pale alipoteleza msomaji wa kwanza, huo hauwezi kuwa uvivu wa mtu mmoja. Wakipita salama, mwandishi ana haki ya kuiweka ripoti ile kabatini. Walimu wanaowataka wanafunzi wakusanye maoni kumi ya wenzao wanawapotosha. Maoni kumi ni kelele. Masimulizi matatu ya kisa kimoja yanaweza kulinganishwa neno kwa neno.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halifai kupuuzwa. Husemwa kwamba jedwali la alama na sentensi ya kiini vimekwisha kuamua hadithi iwe nini kabla haijasomwa: lazima awepo mtu mmoja, atake kitu kimoja, azuiwe. Kisa cha jamii nzima, kisa kinachozunguka, kisa ambacho shujaa wake hataki lolote, vyote huonekana katika jedwali hilo kama kasoro. Pingamizi hili ni la kweli kuhusu jedwali na sentensi ya kiini. Yeyote anayejua jinsi masimulizi yetu ya simulizi yanavyomgawa shujaa miongoni mwa ndugu kadhaa hatapata taabu kuliamini. Ila pingamizi hilo linaudhuru muhtasari kidogo kuliko linavyoyadhuru maoni. Mtu anaweza kusimulia kwa uaminifu kisa asichokipenda; anaposhindwa kukisimulia, kushindwa kwenyewe huonekana katika sentensi zake, na mwandishi anaweza kupima kama mazungushano yale aliyakusudia au yalimponyoka.

Swala la lugha linalihusu eneo hili moja kwa moja. Mtengenezaji wa filamu wa Nairobi au Mombasa anayetafuta fedha katika mifuko ya Ulaya hulazimika mara nyingi kuutafsiri mswada wake wa Kiswahili, au wa Sheng, kwa Kiingereza. Alama ya mazungumzo katika ripoti itakayorudi ni alama ya tafsiri. Mafumbo, utani wa watani, tofauti kati ya "shikamoo" iliyotamkwa na ile iliyomezwa, havikumfikia msomaji. Mwandishi anayeyafupisha mazungumzo yake ya Kiswahili kwa sababu ya alama hiyo anaikata nguo kwa vipimo vya mtu mwingine. Afanye hesabu upya: safu ya mazungumzo aiache kando kabisa, maoni yanayogusa lugha ayasome kwa shaka, na muhtasari ausome kwa makini maradufu, kwa sababu mpangilio wa matendo huvuka mpaka wa lugha kwa hasara ndogo kuliko utani.

Katikati ya mjadala huu kuna unafiki mdogo wa kitaaluma ambao haufai kufunikwa. Walimu wa idara hizo hizo zinazomdharau msomaji wa studio huitwa na wachapishaji wa Nairobi kuisoma miswada ya riwaya na tamthilia, na huandika ripoti zisizo na majina, kwa malipo ya kiasi, kwa ajili ya mhariri ambaye huenda hatausoma mswada wote. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba ripoti za chuo aghalabu huanza na dhamira, zikapita kwenye lugha na usanifu wa wahusika, zikahitimisha kwamba kazi inafaa au haifai kwa shule, bila kukisimulia kisa hata kwa aya moja. Mtunzi anayepokea dondoo za ripoti ya namna hiyo huambiwa kwamba mhusika wake mkuu ni bapa. Haambiwi msomaji alimwona akifanya nini. Hana cha kulinganisha na nia yake, kwa hiyo anabaki na uchaguzi wa kutii au kukasirika, ule ule wa mwandishi chipukizi wa filamu.

Wachapishaji wakitaka kulirekebisha hilo, hawahitaji kuunda fomu mpya wala kuongeza malipo. Watamke tu kwamba ripoti haitapokelewa pasipo ukurasa mmoja wa muhtasari unaosimulia hadi mwisho wa kisa, uliotangulia neno lolote la sifa au la lawama, na kwamba ukurasa huo atapewa mtunzi kama ulivyo, hata pale ambapo maoni na hukumu vimezuiliwa.